Kola Chafu, Jiki na Magadi: Namna ya Kuliokoa Shati la Shule

Jumapili jioni katika nyumba nyingi za Tanzania huwa kuna shati jeupe moja au mawili juu ya kamba, na mtu aliyesimama pembeni akiyatazama kwa mashaka. Kesho yake ni Jumatatu, mwalimu wa zamu atapita mstarini akikagua kucha, viatu na kola. Shati limefuliwa kweli. Limefikichwa mpaka vidole vimechubuka. Lakini sehemu ya shingo bado ina mstari wa kahawia, na shati zima, likiwekwa kando ya karatasi ya daftari, linaonekana kama limechovywa kwenye chai ya maziwa.

Hapo ndipo chupa ya jiki hutolewa. Shati linalowekwa usiku kucha, asubuhi linanukia usafi, na baada ya wiki tatu au nne rangi ya njano inarudi ikiwa nzito kuliko mwanzo. Jiki inaongezwa. Mwisho wa muhula kola inachanika kwenye mkunjo na mzazi anarudi dukani akilalamika kwamba mashati ya siku hizi hayadumu.

Shati huenda halina kosa. Tatizo ni kwamba njano ya shati la shule ina asili zaidi ya moja, na jiki, dawa inayokimbiliwa kwanza, haiondoi iliyo sugu kuliko zote.

Asili hiyo ni mafuta. Jasho lenyewe sehemu kubwa ni maji yenye chumvi kidogo, na maji na chumvi hutoka kwa kusuuza tu. Kinachobaki kwenye kola ni mafuta ambayo ngozi ya shingo huyatoa saa zote, yakichanganyika na seli za ngozi zilizokufa na vumbi la njiani. Kwa mtoto wa shule wa Kiafrika kuna nyongeza ambayo vitabu vya kigeni vya ufuaji havina habari nayo: kila asubuhi, kabla ya kuvaa shati, mtoto anapakwa mafuta ya mgando kuanzia usoni mpaka miguuni, na mkono wa mama hausahau shingo. Kwa watoto wa kike wanaofuga nywele huongezeka mafuta ya kichwani. Shati linavaliwa juu ya ngozi inayong'aa, na kabla mtoto hajafika shuleni kola imekwisha kunywa sehemu yake.

Mafuta mabichi hayana rangi ya kutisha. Yakikaa kwenye kitambaa yakapata hewa, joto na muda, yanageuka rangi na kuwa ya njano, kisha kahawia, na yanazidi kunata. Ndiyo maana doa la wiki hii hutoka kwa sabuni ya kawaida, na la mwezi uliopita haligeuki hata likisuguliwa kwa brashi ya sakafu. Pasi ndiyo mshirika mkubwa wa doa hili. Shati likipigwa pasi wakati kola bado ina kivuli cha uchafu, joto linayapika yale mafuta ndani ya nyuzi.

Nyuzi zenyewe nazo zina tabia zao. Mashati mengi ya shule ni tetroni, yaani mchanganyiko wa pamba na poliesta. Pamba hupenda maji, kwa hiyo hunywa jasho na pia huliachia kwa urahisi. Poliesta hayapendi maji ila hupenda mafuta, huyashika na kuyakumbatia. Shati la tetroni hukauka upesi na halikunjamani sana, sifa zinazolifanya liuzike, lakini mafuta ya shingo yakishaingia ni vigumu kuyatoa kwa maji baridi. Yanahitaji maji ya uvuguvugu na kitu kinachokata grisi.

Jiki haikati grisi. Kazi yake ni kuharibu rangi na kuua vijidudu. Ikimwagwa juu ya kola yenye mafuta inapausha sehemu ya juu ya doa na kuyaacha mafuta palepale, tayari kushika vumbi jipya. Mabaki ya jasho yenye protini nayo yakikutana na jiki yanaweza kugeuka njano badala ya kuwa meupe, jambo linaloonekana zaidi kwapani. Nyuzi za pamba huliwa kidogo kila zinapolowekwa, hasa dawa ikiwa kali na muda ukiwa mrefu. Kuna pia hasara isiyoonekana siku ya kwanza. Shati jipya la dukani huwa limetiwa kemikali inayopokea miale ya jua isiyoonekana na kuirudisha kama mwanga wa samawati, ndiyo sababu jipya linawaka jua likilipiga. Jiki huivunja kemikali hiyo. Shati linabaki na rangi yake halisi ya kitambaa, ambayo ni ya maziwa, na hakuna dawa ya nyumbani itakayolirudisha kwenye mng'ao wa dukani. Hilo ni vyema kulijua mapema ili mtu asiendelee kupambana na shati ambalo tayari ni safi.

Asili ya pili ya njano itawashangaza wengi: ni sabuni. Katika maeneo yanayotumia maji ya kisima yenye chumvichumvi au chokaa, na Dar es Salaam kuna visima vya namna hiyo vingi tu, sabuni ya mche haitoi povu vizuri. Mfuaji anaona povu dogo, anaongeza sabuni. Sabuni ile inashikana na madini ya maji na kuwa utando mweupe, ule unaobaki kwenye kuta za beseni baada ya kumwaga maji. Utando huo unabaki pia kwenye shati. Ndoo ya maji inanunuliwa, kwa hiyo kusuuza kunafanywa mara moja, pengine mara mbili kwa maji yaleyale. Shati linakauka likiwa na sabuni ndani, pasi inapita juu yake, na baada ya miezi michache shati lote, si kola pekee, limekuwa la njano na gumu kidogo mkononi. Sabuni ya unga huvumilia maji magumu kuliko ya mche, lakini nayo ikiachwa ndani ya kitambaa matokeo hayatofautiani sana.

Ya tatu ni chuma. Baadhi ya visima na mabomba yaliyozeeka hutoa maji yenye kutu. Ndoo ikilazwa usiku, asubuhi chini kuna tope jekundu jembamba. Hapa jiki ni hatari kabisa, kwa sababu inakigeuza chuma kilichoyeyuka majini kuwa kutu na kukigandisha kwenye kitambaa. Shati linaingia kwenye beseni likiwa na njano hafifu na kutoka na rangi ya mchanga.

Ili kujua ni ipi kati ya hizo tatu, hakuna haja ya maabara. Shati lililofuliwa na kukauka linalowekwa kwenye beseni la maji safi ya uvuguvugu, bila sabuni yoyote, kwa nusu saa, kisha linatikiswa kwa mkono. Maji yakiwa meupe kama yametiwa tone la maziwa, au povu likitokea juu, sabuni ya zamani ndiyo iliyokuwa imejificha. Kwa chuma, pindo la chini la shati, lile linalochomekwa, linadondoshewa maji ya limau na kuwekwa juani. Sehemu hiyo ikiwa nyeupe kuliko jirani yake baada ya saa moja hivi, kuna kutu. Na kwa mafuta, nusu ya kola, upande wa kulia tu, inapakwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ikiwa kavu, inaachwa robo saa na kusuuzwa kwa maji ya moto kiasi. Mstari ukififia upande mmoja na kubaki upande wa pili, jibu limepatikana. Mara nyingi shati moja linakutwa na matatizo mawili kwa pamoja: mafuta kwenye kola na sabuni kwenye mwili wote.

Tuchukue shati la namna hiyo hasa, la mwanafunzi wa darasa la tano, tetroni, lenye mwaka mmoja, lililofuliwa kwa maji ya kisima kila Jumamosi na kuonja jiki mara kadhaa. Mstari wa kahawia umezunguka kola yote kwa ndani. Kwapani kuna mawingu ya njano. Mfukoni kuna beji ya shule iliyoshonewa, na hiyo inapimwa kwanza: kitambaa cheupe kilicholoweshwa maji ya moto na sabuni kinabonyezwa juu ya beji kwa dakika moja. Kikitoka na rangi, beji ifumuliwe kabla ya kazi kuanza, kwa maana ni rahisi kushona beji upya kuliko kutoa wino wake mfukoni.

Kazi inaanza Ijumaa jioni, shati likiwa kavu. Ukavu huo una sababu: maji yakitangulia kwenye kitambaa yanaizimua sabuni kabla haijayafikia mafuta. Kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo kinatosha kola nzima. Sabuni hii imetengenezwa kwa ajili ya sufuria zenye mafuta ya nyama, na mafuta ya shingo hayana tofauti kubwa na hayo. Inasambazwa kwa kidole, kisha inasuguliwa kwa mswaki uliochakaa, taratibu, kwa kufuata mstari wa nyuzi, si kwa kuzungusha. Brashi ngumu ya viatu au ya sakafu haifai. Inafumua nyuzi za juu, na nyuzi zilizofumuka hushika vumbi zaidi wiki inayofuata. Baada ya dakika ishirini, kabla sabuni haijakauka, kola inasuuzwa kwa maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyavumilia. Maji yanayotoka mara ya kwanza huwa ya kijivu. Zoezi linarudiwa, na maji ya mara ya pili yakitoka karibu masafi, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Asiye na sabuni ya vyombo anaweza kutumia sabuni ya mche iliyoloweshwa kidogo na kupakwa nene, mradi maji ni laini. Msimu wa mvua, ndoo iliyokingwa chini ya bati ina thamani kubwa kwa kazi hii, kwani maji ya mvua hayana chokaa na povu lake linajaa beseni.

Kinachofuata ni kuloweka, na hapa jikoni kuna kitu ambacho watu wengi hukitumia kwa maharage na kisamvu bila kukumbuka kuwa ni dawa ya kufulia: magadi. Magadi ya Ziwa Natron upande wa Tanzania na Ziwa Magadi upande wa Kenya ni chumvi ya soda iliyoganda kwa jua, na magadi ya Kenya yamekuwa yakichimbwa kibiashara tangu kampuni ya kwanza ilipoanzishwa huko mwaka 1911. Soda hiyo inapoyeyuka majini huyafanya maji kuwa na utelezi, hulainisha mafuta yaliyozeeka na kuisaidia sabuni ifanye kazi hata kwenye maji magumu. Tatizo la magadi ya sokoni ni udongo. Yakitupwa beseni yakiwa mabonge, shati jeupe litatoka na madoa ya kikahawia. Kijiko kimoja cha chakula cha magadi yaliyopondwa kinayeyushwa kwenye kikombe cha maji ya moto, kinaachwa kitulie mpaka tope lishuke chini, halafu maji ya juu tu yanachujwa kwa kitambaa, kama mpishi makini anavyofanya kwa ajili ya maharage. Maji hayo yanatiwa kwenye lita tano za maji ya uvuguvugu pamoja na kiganja kidogo cha sabuni ya unga. Mwenye magadi meupe ya kuokea, yale ya pakiti, atumie vijiko vinne, maana hayo ni mapole zaidi.

Shati linalazwa humo usiku mzima. Limefunikwa lote, hakuna mkono unaoelea juu. Maji ya asubuhi yatakuwa na rangi ambayo mama mwenye nyumba hatapenda mgeni aione.

Jumamosi asubuhi, baada ya kufuliwa kwa kawaida na kusuuzwa, shati linakaguliwa likiwa limelowa, juani, si ndani ya nyumba. Mara nyingi mstari wa kahawia umebaki kuwa kivuli cha njano, na mawingu ya kwapani yamepungua bila kuisha. Sasa ndiyo zamu ya kung'arisha, kwa kuwa mafuta yameondoka na kilichobaki ni rangi tu.

Dawa bora ya hatua hii haiko kwenye rafu ya sabuni bali duka la dawa. Ni haidrojeni peroksaidi, ile ya kusafishia vidonda inayochemka povu jeupe juu ya jeraha. Huuzwa kwenye chupa ndogo za rangi ya giza, kwa kawaida ikiwa na nguvu ya asilimia 3 au 6, na ile ya 6 inachanganywa na maji kiasi sawa. Inapausha kwa kutoa oksijeni, na ikimaliza kazi inabaki maji matupu. Haiwi kali kwa pamba kama jiki, na haina ugomvi na jasho. Vijiko vitatu vya chakula vinachanganywa na kijiko kimoja cha magadi ya kuokea kwenye bakuli la plastiki, uji mwepesi unapatikana, na uji huo unapakwa kwenye kola na kwapani kwa mswaki. Magadi yanaiamsha dawa, ndiyo maana mchanganyiko unatengenezwa muda huohuo wa kutumika. Usihifadhiwe kwenye chupa iliyofungwa, kwa sababu gesi inayoendelea kutoka inaweza kuipasua. Shati linakunjwa na kuachwa kivulini kwa saa moja likiwa bado bichi, kisha linasuuzwa. Vidole vikigusa dawa vinaweza kuwa vyeupe na kuwasha kwa muda. Mfuko wa plastiki uliovaliwa mkononi unatosha kuzuia hilo. Chupa yenyewe irudi mahali pa juu ambapo mtoto hafiki.

Chupa iliyokaa kabatini tangu mwaka juzi huenda imekwisha nguvu na mtu akapaka maji bila kujua. Kipande cha kiazi mviringo kibichi kitasema ukweli: tone likidondoshwa kwenye sehemu iliyokatwa, dawa hai inatoa povu papo hapo. Isipotoa, pesa ya chupa mpya ndiyo itakayohitajika.

Kwa wanafunzi wa sekondari, wanaotumia manukato ya kuzuia jasho, doa la kwapa lina kitu kingine. Dawa nyingi za kukausha kwapa zina chumvi za aluminiamu, na hizo zikichanganyika na jasho hufanya utando mgumu wa njano unaokaribia kuwa kama gundi. Hapa siki inatangulia. Siki nyeupe na maji kwa kiasi sawa vinapakwa kwapani kwa nusu saa, shati linasuuzwa vizuri, halafu ndipo haidrojeni peroksaidi inafuata. Vitu hivyo viwili visichanganywe kwenye bakuli moja, kwa kuwa vinazalisha kitu kinachochoma ngozi na macho.

Onyo kubwa zaidi ni la jiki. Jiki ikikutana na siki, limau au dawa ya asidi ya kusafishia choo inatoa gesi ya klorini, gesi ya sumu inayobana kifua. Ikikutana na mkojo au kitu chochote chenye amonia inatoa gesi nyingine isiyo na huruma. Mtu anayesoma mapishi mawili ya kufulia kwa simu na kuamua kuyaunganisha ili yapate nguvu mara mbili anaweza kujikuta anakohoa uani na macho yanamtiririka. Mwenye kutaka kutumia jiki aitumie peke yake, kwenye pamba, baada ya mafuta kutoka, vijiko vitatu vya chakula kwa lita tano za maji baridi, na kwa dakika kumi tu. Usiku kucha haukuwahi kuwa kipimo chake.

Limau na chumvi, dawa ya bibi, ina nafasi yake halali, lakini nafasi hiyo ni kutu. Asidi ya limau huyeyusha chuma. Shati lenye madoa ya wekundu linapakwa maji ya limau, linanyunyiziwa chumvi, linaanikwa juani mpaka likaribie kukauka, kisha linasuuzwa sana. Kwenye mafuta ya kola limau halifui kitu, na aliyepata mafanikio kwa limau pekee pengine alikuwa na tatizo la maji bila kujua. Dawa ya meno, inayosifiwa sana, husugua uchafu wa juu kwa sababu ina chembechembe za kukwangua. Ni kazi ileile ya msasa, na kola haihitaji msasa.

Turudi kwa shati la darasa la tano. Limesuuzwa maji mawili, na la tatu limetiwa nusu kikombe cha siki kwenye ndoo ya lita kumi. Siki inaondoa ule utando wa sabuni na chokaa uliokuwa umejazana tangu mwaka jana, na harufu yake inapotea shati likikauka. Maji haya ya tatu ndiyo watu wanaoyaona ni anasa kwenye mitaa ambako maji yananunuliwa kwa ndoo, lakini yanaweza kutumika baadaye kudekia. Kipimo cha kwamba kusuuza kumetosha ni kukamua shati ndani ya beseni: matone yakianguka bila kuacha povu, basi.

Bluu inakuja mwisho, kama inakuja kabisa. Bluu ya kufulia haiondoi uchafu wowote. Inaweka kivuli chembamba cha samawati juu ya kitambaa, na samawati ikikutana na njano, jicho linaona nyeupe. Rangi yake zamani ilitolewa kwenye jiwe la thamani lililochimbwa Afghanistan, ikauzwa kwa bei ya kutisha, mpaka miaka ya 1820 Mfaransa Jean-Baptiste Guimet alipofaulu kuitengeneza kwa njia ya kemia, na ndipo ikaweza kufika kwenye beseni la mtu wa kawaida. Makosa yanayofanyika ni mawili: kuipaka kwenye shati chafu, matokeo yake ni kijivu, na kuitupa moja kwa moja kwenye ndoo, matokeo yake ni madoadoa. Inayeyushwa kikombeni, inachujwa, inamiminwa ndani ya maji kidogokidogo mpaka maji yakichotwa kiganjani yaonekane na samawati hafifu tu. Shati linaingia likiwa limelowa, limekunjuliwa, linageuzwa haraka mara mbili tatu na kutolewa. Likizidi rangi, maji yenye siki kidogo yatalipunguza, na hiyo ndiyo sababu siki inatangulia bluu na si kinyume chake.

Kisha jua. Nyaya na kamba zifutwe kwanza, kwani kamba yenye vumbi huacha mstari mweusi katikati ya mgongo. Shati lianikwe likiwa limeshikwa kwenye pindo la chini, kola ikining'inia, ili isikatwe na alama za vibanio. Likikauka, kola ikaguliwe kabla ya pasi haijawaka. Kivuli kikiwepo bado, uji wa haidrojeni peroksaidi na magadi urudiwe. Zamu ya pili huleta mabadiliko. Zamu ya tatu mara chache huongeza chochote, na anayeendelea baada ya hapo anakula kitambaa.

Matokeo ya shati letu, kwa mwenye macho ya haki, yatakuwa hivi: mwili umekuwa mweupe wa kawaida, usiowaka. Kwapani ni safi. Kola imebaki na mstari mwembamba wa kijivu pale inapokunjwa, na mstari huo hautatoka, kwa kuwa si uchafu. Ni nyuzi zilizolika kwa msuguano wa shingo, zikaruhusu kitambaa kigumu cha ndani, kile mafundi wanachokiita bakram, kionekane. Kuchemsha shati kwenye sufuria kwa matumaini ya kuufuta mstari huo kunaweza kuachanisha gundi ya bakram na kuifanya kola iwe na mapovu kama chapati.

Baada ya hapo, kulitunza shati hilo ni kazi ya dakika mbili kwa siku. Shingo ya mtoto ifutwe kwa kitambaa kikavu baada ya kupakwa mafuta na kabla ya kuvaa shati. Akirudi, shati livuliwe, na kola ipakwe sabuni ya mche au ya vyombo jioni hiyohiyo, hata kama kufua kwenyewe ni Jumamosi. Mafuta ya siku moja hayajapata muda wa kugeuka rangi.

Na kwa mstari wa msuguano yupo fundi cherehani. Wengi wao, hasa wa umri mkubwa, wanajua kugeuza kola: anafumua mshono unaounganisha kola na kanda inayozunguka shingo, anaigeuza kola upande wa chini uwe juu, anaishona tena mahali palepale. Upande uliokuwa umejificha tangu shati litoke dukani haujaguswa na jua wala brashi, kwa hiyo unaonekana mpya. Kanda ya ndani inabaki ya zamani, lakini hiyo haionekani shati likivaliwa. Fundi atakataa kola zenye vitobo vya vifungo kwenye ncha zake, kwa sababu vikigeuzwa vinaangalia upande usiofaa, na atakataa pia iliyokwisha kuchanika, kwani mshono hautapata pa kushika. Kwa hiyo shati linapelekwa kwake mstari wa kijivu unapoanza kuonekana, likiwa limefuliwa na kusuuzwa vizuri, bila pasi kwenye kola, ili mshono wa kufumua uonekane kwa urahisi.